Simu bado iko mkononi, mbona Find Hub haiioni? Matatizo ninayokutana nayo mezani

Meza yangu ya ufundi iko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Kila wiki kuna mtu anakuja mbio: simu imechomolewa sokoni, au imeanguka kwenye boda, au ameisahau kwenye teksi ya Kampala. Swali langu la kwanza ni lilelile, "Uliwasha kuitafuta?" Wengi husema ndiyo. Tukifungua Find Hub, huduma ya kutafuta simu iliyopotea, haionekani.

Ndiyo maana siku hizi simu haitoki mezani kwangu kabla hatujaifanyia mazoezi ya kupotea. Tunachukua simu ya mtu mwingine, tunafungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili akaunti isibaki humo, tunaingia `android.com/find` kwa akaunti ya mwenye simu, kisha tunajaribu mambo matatu: kuiona kwenye ramani, kuiita kwa kengele, na kuifunga. La nne, kufuta kila kitu, halijaribiwi. Nitaeleza huko chini kwa nini.

Ninayoandika hapa ni ya simu za Android, maana Tecno, Infinix, itel na Samsung ndizo zinazojaa mezani kwangu. Huduma yenyewe ni ya Google. Zamani iliitwa Find My Device, na tangu 2025 inaitwa Find Hub, kwa hiyo usishangae ukikuta jina la zamani kwenye simu yako. Njia rahisi ya kuifikia ni kuandika neno Find kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya Settings. Ukiikuta, hakikisha `Allow device to be located` imewashwa. Washa pia Location, na uweke pini au mchoro wa kufungua skrini. Ukimaliza, fanya mazoezi. Yakigoma, tafuta dalili yako hapa.

Dalili: simu haipo kabisa kwenye orodha

Umeingia, ukurasa umefunguka, lakini unaona simu yako ya mwaka juzi tu, au huoni chochote.

Mara nyingi umeingia kwa akaunti ambayo siyo iliyo kwenye simu. Hili linawapata sana walionunua simu dukani wakasaidiwa kuiwasha. Kijana wa duka ana haraka, anafungua akaunti mpya kwa jina lolote, anachagua paswedi anayoijua yeye, na wewe unatoka na simu inayofanya kazi vizuri. Miaka miwili unapakua programu kwa akaunti ambayo huna ufunguo wake. Kuhakikisha ni rahisi: fungua Play Store kwenye simu hiyo, gusa picha ya duara pembeni juu, usome anwani ya barua pepe iliyoandikwa pale. Je, unaijua? Unajua paswedi yake? Namba ya simu iliyosajiliwa humo ni ya nani?

Ikiwa si yako, ongeza akaunti yako kwanza, kisha hakikisha namba za watu na picha zimehamia huko, na hapo ndipo utoe ile ya duka. Ukianza kwa kuitoa, unaweza kupoteza namba zote zilizokuwa zimehifadhiwa humo.

Sababu ya pili ni kwamba Find Hub yenyewe imezimwa. Ya tatu haitokei sana, ila inasumbua: simu imefichwa kwenye Google Play. Nenda `play.google.com/library/devices`, tafuta simu yako, uweke alama kwenye `Show in menus`.

Simu ikiwa ni ya mkono wa pili na inakuomba akaunti ya mtu usiyemjua kabla haijafunguka, acha hapohapo. Huo ni ulinzi wa mwenyewe wa kwanza, uliobaki baada ya simu kufutwa. Irudishe kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti, yeye ndiye amtafute mwenye akaunti. Wapo watakaokuambia wanaweza kuipitisha kwa kompyuta. Kama simu iliibwa, wewe ndiye utakayekutwa nayo.

Dalili: simu ipo kwenye orodha, lakini ramani inasema ilionekana jana

Hii ndiyo dalili kuu. Kati ya simu kumi zinazogoma kwenye mazoezi, nyingi zinagomea hapa, na karibu kila mara ugonjwa si wa Find Hub. Simu haiko hewani. Ili ramani ipate kitu kipya, kwa kawaida simu lazima iwe imewaka na iwe na intaneti wakati unapoiuliza.

Anza na data. Sisi tuna tabia ya kuzima data kila tunapomaliza kusoma ujumbe ili bando lisiishe. Mwizi hata hana kazi ya kufanya, wewe mwenyewe umeshaificha simu. Angalia pia kama bando limekwisha muda wake. Bando la siku ulilonunua saa nne asubuhi halitakuwepo kesho jioni simu itakapopotea, na kama laini haina salio la kawaida, simu ni kimya. Ushauri wangu kwa anayeweza ni kununua bando dogo la mwezi na kuacha data ikiwa imewashwa, huku akizuia programu kubwa zisile data kwa siri. Kuuliza simu iko wapi kunatumia data kidogo sana. Video ndizo zinazomaliza bando.

Kisha angalia vya kuokoa betri. Ile hali kali ya kuokoa chaji, inayobakiza simu na ujumbe tu, inaua kila kitu cha nyuma. Kwenye Tecno na Infinix kuna programu inayoitwa Phone Master ambayo watu huibonyeza kila saa "kusafisha" simu. Usiiruhusu izuie Google Play Services, maana Find Hub inaishi humo.

Halafu kuna ugonjwa wa mpakani, ambao mtu wa Kampala huenda asiuone maishani, lakini sisi wa Busia na Malaba tunao kila siku. Nausimulia kwa urefu kwa sababu ulinisumbua mimi mwenyewe.

Mama mmoja anayeuza vitenge aliniletea Tecno yake tuifanyie mazoezi. Pale mezani kila kitu kilikwenda sawa. Ramani ilionyesha barabara yetu, kengele ikalia hadi jirani akageuka. Mama akaridhika, akaenda kwenye kibanda chake karibu na mpaka. Nikamwambia, "Mama, nitaiita tena baada ya nusu saa, ukisikia nijulishe."

Nusu saa ikapita, nikabonyeza, kimya. Ukurasa ukaniambia simu ilionekana mara ya mwisho dakika 31 zilizopita, yaani pale alipoondoka mezani. Nikamfuata. Simu ilikuwa imewaka, data imewashwa, bando lipo. Nikadhani Find Hub imeharibika, nikaizima na kuiwasha, nikaanzisha simu upya. Bure.

Binti yake ndiye aliyegundua. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki akiangalia skrini begani kwangu, akasema, "Mjomba, mbona imeandika Safaricom?"

Kumbe kibandani pale mnara wa Kenya una nguvu kuliko wa kwetu. Simu iliachiwa ijichagulie mtandao, ikavuka mpaka peke yake bila paspoti. Juu ya skrini, kando ya mistari ya mtandao, kulikuwa na herufi R ndogo. Kwa kuwa data ya ugenini imezimwa kwenye simu nyingi, ikakosa intaneti papo hapo, ingawa alama ya data ilionekana imewashwa. Mama alikuwa ameshaona bando "linakatika" akiwa kibandani kwa miezi, akidhani ni tatizo la kampuni.

Dawa tuliyotumia: Settings, kisha kwenye mipangilio ya laini, tukazima `Automatically select network`, tukasubiri dakika moja orodha ya minara itokee, tukachagua mtandao wake wa Uganda. Nikarudi mezani, nikabonyeza, mama akapiga simu akicheka: "Inalia! Wateja wamekimbia!" Dawa hii ina gharama yake. Ukivuka kwenda Kenya kweli, simu haitashika mtandao wowote mpaka uiruhusu tena ijichagulie mtandao yenyewe. Anayevuka mara mbili kwa siku inamchosha. Huyo anaweza kuwasha Roaming, lakini aulize kwanza bei ya data ya ugenini kwenye laini yake, maana salio linaweza kuondoka kabla hajamaliza kununua nyanya.

Jipime hivi: siku moja, kila unapofika mahali unapokaa muda mrefu, angalia jina la mtandao juu ya skrini.

Kuna kinga nyingine ya simu isiyo na intaneti, na wengi hawajaigusa. Ndani ya Find Hub tafuta `Find your offline devices`. Inatumia Android za watu wengine walio karibu: zinasikia simu yako kwa Bluetooth, zinapeleka habari ya mahali ilipo ikiwa imefungwa kwa siri, na wewe tu ndiye unayeweza kuisoma. Inahitaji Android 9 au zaidi, pini ya skrini, na Bluetooth iwe imewashwa. Kwa kawaida imewekwa `With network in high-traffic areas only`, ambayo inasubiri simu kadhaa ziripoti kabla ya kukuonyesha chochote. Sokoni Busia hiyo inatosha. Lakini kama nyumbani kwako ni kijijini, ambako ukikutana na simu tatu za Android kwenye njia moja ni sherehe, chagua `With network in all areas`, ili hata simu moja iliyopita ikusaidie. Usitegemee mengi. Simu iliyozimwa kabisa haitaonekana isipokuwa kwenye aina chache za bei kubwa ambazo mimi sijawahi kuletewa.

Dalili: inaonekana, lakini ramani inaiweka mahali pasipo

Ukiona duara kubwa la samawati linalofunika mtaa mzima, simu inakisia kwa minara tu. Kwenye Location, washa `Google Location Accuracy`, na ruhusu simu isikie Wi-Fi na Bluetooth za karibu kwa ajili ya kujua mahali. Rudia mazoezi ukiwa nje, si chini ya bati.

Baada ya hapo ikikosea kwa mita chache, hilo si tatizo la kutatua. Ramani haijui ghorofa. Kwenye jengo la maduka mjini Kampala, alama moja inaweza kuwa imekaa juu ya vibanda mia, kuanzia chini hadi ghorofa ya nne. Mwenye simu akiona alama hiyo, moyo unamwambia aende akagonge kila kibanda. Asiende. Nitalirudia hili.

Dalili: inalia, lakini haifungiki ukiwa mbali

Kwanza tofautisha milango miwili, maana watu huichanganya.

Mlango wa kwanza ni uleule wa `android.com/find`. Kuna kitufe kinachoitwa `Secure device`, na kwenye matoleo mengine `Mark as lost`. Kinafunga skrini kwa pini uliyokwisha kuweka, na kinakuruhusu kuacha ujumbe na namba ya kupigiwa kwa aliyeiokota. Kikigoma, kwanza angalia kama simu iko hewani, kisha kama ina pini kabisa. Simu ya kutelezesha kidole tu ni mlango usio na komeo. Na kosa la kuchekesha ninaloliona mara kwa mara: mtu anaandika ujumbe, "Ukiiokota nipigie," halafu anaweka namba ya laini iliyo ndani ya simu hiyohiyo. Weka namba ya mume, ya dada, ya jirani.

Mlango wa pili ni `android.com/lock`. Huu ni kwa yule ambaye paswedi imemtoka kichwani kwa mshtuko. Unaandika namba yako ya simu, unapita ukaguzi mdogo, simu inafungwa. Lakini lazima uwe umeuwasha mapema: Settings, Google, `Theft protection`, `Remote Lock`. Ukigoma, sababu ni hizi kwa mpangilio wa ninavyozikuta. Hukuwasha, basi. Au namba haijathibitishwa, hasa kwa wenye laini mbili: wanajaribu namba ya laini ya pili wakati iliyothibitishwa ni ya kwanza, au ile waliyoitupa mwaka jana. Au umeandika namba vibaya: anza na +256, kisha uache sifuri ya mwanzo. Mwisho, simu haina uwezo huo. Unahitaji Android 10 au zaidi, na zile simu ndogo za bei nafuu zenye Android Go mara nyingi hazina menyu hiyo. Usihangaike nayo, tegemea mlango wa kwanza.

Kuna tundu moja halionekani kwenye mazoezi ya kawaida. Funga skrini yako sasa, kisha bila kuifungua vuta chini lile pazia la juu. Je, unaweza kugusa alama ya ndege na simu ikakubali? Basi mwizi naye anaweza, kwa sekunde mbili, na kila tulichofanya kimekwisha. Kwenye Samsung kuna `Lock network and security`, ndani ya `Secure lock settings`, inayodai pini kwanza. Kwenye aina nyingine tafuta neno "lock screen" ndani ya Settings, uzuie pazia lisivutwe skrini ikiwa imefungwa. Kama simu yako ina `Offline Device Lock` ndani ya `Theft protection`, iwashe pia. Simu ikikaa bila mtandao, inajifunga yenyewe.

Dalili: huwezi kuingia kwenye akaunti yako ukiwa na simu ya mwingine

Hapa ndipo mazoezi yanapovunja watu moyo, kwa sababu kila kitu kwenye simu kiko sawa ila mwenyewe ndiye amefungiwa nje. Unaandika paswedi vizuri, Google inasema imetuma ujumbe wa kuthibitisha. Imetuma wapi? Kwenye simu uliyoiweka mezani ukijifanya imepotea.

Usidanganye kwa kuchungulia. Igeuze simu kifudifudi, mkabidhi mtu.

Dawa ni kwenda `myaccount.google.com/security` leo, ukiwa bado na simu, na kuchukua `Backup codes`. Ni namba kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi. Mimi mke wangu anazo ndani ya Biblia, na mimi ninazo nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Usizipige picha ukaziacha ndani ya simu hiyohiyo, na usiandike paswedi kando yake. Ongeza pia namba ya pili ya kurejesha akaunti, ya mtu unayemwamini na anayepatikana.

Sababu ya pili ni VPN. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, simu nyingi zina VPN iliyoachwa ikiwaka mchana na usiku. Sasa unaazima simu ya rafiki yako, VPN yake inasema yuko Uholanzi. Google inaona mtu anaingia kwenye akaunti ya mkazi wa Busia kutoka Uholanzi, kwa simu isiyoijua, na inazidisha maswali. Izime kabla hujaanza. VPN iliyo kwenye simu yako yenyewe haihamishi alama ya ramani inayotokana na GPS, kwa hiyo hiyo usiihofie.

Kama umekosea paswedi mara kadhaa na Google imeanza kukuambia ujaribu baadaye, acha. Kila jaribio la kubahatisha linazidi kukutilia mashaka. Subiri, tumia kifaa ulichowahi kuingilia na mahali unapokaa kila siku, kisha fuata hatua za kurejesha akaunti za Google wenyewe. Na usimlipe mtu anayejitangaza kwenye WhatsApp kwamba anarejesha akaunti. Huyo atakuomba namba za kuthibitisha, na ukimpa, akaunti ni yake.

Dalili: laini inatolewa, na simu inapotea hewani

Mwizi mzoefu anachomoa laini kabla hajavuka barabara. Simu inakosa data, na zaidi ya hapo laini yako sasa inaweza kuwekwa kwenye simu nyingine ikapokea namba za kuthibitisha na ujumbe wa pesa zako.

Pini ya laini inazuia hilo: laini ikiingizwa kwenye simu nyingine inadai tarakimu nne. Inawekwa kwenye mipangilio ya usalama, kwenye `SIM lock`. Lakini ujue unachobadilishana. Simu yako ikizimwa na kuwashwa na mwizi, laini yenye pini nayo haitashika mtandao, kwa hiyo hutaiona kwenye ramani. Kwangu, anayeweka mtaji wake wa duka kwenye pesa za simu aweke pini ya laini bila kusita. Pesa zinaondoka kwa dakika, na simu inaonekana kwa bahati.

Kuiweka kunadai kwanza pini ya zamani, iliyoandikwa kwenye kadi kubwa ya plastiki laini ilikotoka. Huna kadi? Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inadai PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa. Ukiona neno PUK, weka simu chini, nenda kituo cha huduma cha mtandao wako na kitambulisho cha taifa.

Kufuta: kitufe kisichojaribiwa

Watu huniuliza kama tunaweza "kujaribu kidogo" `Erase`, ambayo kwenye baadhi ya simu inaitwa `Factory reset device`. Hakuna kidogo. Inafuta picha, ujumbe, kila kitu, na baada ya hapo Find Hub haiioni simu tena. Simu ikiwa nje ya hewa, agizo linangoja mpaka ipate intaneti. Kadi ya kumbukumbu ya pembeni inaweza isifutike, kwa hiyo picha za vitambulisho usiziweke huko.

Badala ya kufuta, jaribu kilicho kabla yake: nakala. Fungua Google Photos uone tarehe ya picha ya mwisho iliyopanda. Fungua WhatsApp, kwenye Chats, usome nakala ya mwisho ni ya lini. Nimeona ya miezi kumi na minne iliyopita, na mwenyewe akiapa kwamba inafanya kazi kila usiku. Sababu ilikuwa ileile ya data: nakala ilipangwa isubiri Wi-Fi, na nyumbani kwake hakuna Wi-Fi.

Siku simu itakapopotea kweli, fuata mpangilio huu. Itafute, ifunge, piga huduma kwa wateja wafunge laini na akaunti ya pesa, kisha ufikirie kufuta, ukiwa umekata tamaa ya kuiona au ukijua kuna siri humo zisizostahili kusubiri. Simu iliyofutwa ikiwa ilikuwa na akaunti ya Google na pini ya skrini, itaendelea kudai akaunti hiyo kwa atakayeiwasha. Kwa sababu hiyo, usiitoe kwenye akaunti yako hata ukiombwa kwa upole. Siku chache baadaye unaweza kupata ujumbe wenye kiungo, "Simu yako imepatikana, ingia hapa." Ukurasa unafanana na wa Google. Ukiandika paswedi, umemfungulia mwizi mlango wa mwisho.

Na lile la kurudia: alama ikitulia mahali, usiende mwenyewe, na usikusanye vijana wa steji ya boda waende nawe. Kwanza, kama nilivyosema, alama inaweza kuwa kwenye mlango wa mtu asiye na hatia, na sisi sote tunajua kelele ya "mwizi" inavyoisha mitaani. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 999 kama umeporwa kwa nguvu. Wakuandikie taarifa, uchukue namba ya SD, yaani ya taarifa yako kwenye daftari la kituo, na uwaonyeshe ramani wao.

Watakuuliza namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe. Hizo zichukue leo. Piga hii kama unavyopiga simu ya kawaida:

```
*#06#
```

Simu ya laini mbili inatoa namba mbili, kila moja ya tarakimu kumi na tano. Ziandike zote, uziweke pamoja na risiti na kipande cha boksi chenye stika. Mama wa vitenge aliziandika kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la madeni, kwa sababu, alivyoniambia, hilo ndilo kitu pekee dukani ambacho hakijawahi kumpotea.